Viyoyozi viache Dammam, rudi Arusha na baridi

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwenyeji wa Sakina, Arusha. Niko Dammam, Saudia, karibu mwaka wa 9, fundi wa viyoyozi na vyumba vya baridi katika kampuni. Mshahara wangu wa sasa ni riyali 3,000. Mkataba unaisha Februari lakini nataka kuacha kazi Desemba ili Krismasi nile nyumbani. Nimeweka akiba ya milioni 38. Shemeji ananishauri ninunue Noah ya abiria, mimi nawaza kufungua duka la kuuza na kufunga viyoyozi. Unanishauri nini?*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na duka, kwa sababu ndilo lililonikaa kooni. Huko Dammam kiyoyozi ni kama maji: kikizima Agosti, watu wanahama chumba. Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari. Juni na Julai watu wanalala na blanketi mbili, na hata Januari jioni unatafuta sweta. Mwenye nyumba Njiro hanunui kiyoyozi, ananunua hita ya maji ya kuogea. Benki, maabara, vyumba vya seva na kumbi chache za mikutano vinahitaji, ila kazi hizo tayari zina wenyewe, na ukizigawa kwa mafundi waliopo mjini hazitoshi kulisha familia mpya. Moshi kuna joto zaidi kwa sababu iko chini, na ukifika uwanja wa ndege wa KIA utaona viyoyozi vinafanya kazi kweli, lakini hata huko ni kazi ya kujazia wiki. Duka lenye viyoyozi 20 rafuni litakula milioni zako 38, halafu litakaa linakutazama.

Ujuzi wako una nusu mbili, viyoyozi na vyumba vya baridi, na nusu ya pili ndiyo yenye pesa hapa. Zunguka Arusha siku moja na macho ya fundi. Kila mtaa una bucha yenye friza, duka la maziwa lenye tangi, baa yenye majokofu matatu ya vioo, duka la dawa lenye friji la chanjo au insulini. Hoteli zina vyumba vya baridi vya nyama na mboga. Upande wa Tengeru na Usa River kuna mashamba ya maua na mboga za kusafirisha nje, ambayo bila baridi hayana biashara. Loji na kambi za Karatu kuelekea hifadhini zinabeba chakula cha wageni kwa wiki nzima. Wote hawa wanapoteza mali baridi ikikatika usiku mmoja, na mtu anayepoteza mali ndiye anayelipa fundi bila kukuvuta shati.

Utaniuliza, kwani hakuna mafundi? Wapo wengi, na baadhi ni wazuri kuliko mimi kwa mikono. Shida ni jinsi kazi inavyofanywa. Nikupe mfano mmoja niliokutana nao Ngarenaro mwaka jana. Mama mwenye bucha aliniita, friza lake limejazwa gesi mara tatu ndani ya miezi miwili. Linapoa vizuri kwa muda wa saa tatu au nne, kisha linaacha kupoa huku kompresa inaendelea kunguruma. Ukilizima usiku kucha, asubuhi linapoa tena, halafu linaacha tena. Kila fundi aliyekuja alisema gesi imepungua, akaongeza, akachukua hela yake.

Wewe nadhani umeshajua ni nini. Ndani ya mfumo kuna unyevu. Maji kidogo yanazunguka na gesi, yakifika mwisho wa kapilari, kile kibomba chembamba, pale kwenye baridi kali, yanaganda na kuziba tundu. Ukilizima barafu inayeyuka, njia inafunguka. Gesi haikuwa na kosa lolote. Unyevu uliingia siku mfumo ulipofunguliwa, kwa sababu fundi wa kwanza hakuvuta hewa ipasavyo. Wengi hapa wanatumia kompresa ya friji kuukuu kama pampu ya kuvuta hewa, wanaiacha dakika 10, wanaamini sindano ya geji, wanajaza. Kompresa ya friji haiwezi kushusha presha mpaka maji yaliyojificha kwenye mafuta na mabomba yachemke na kutoka. Nilitoa gesi, nikabadilisha kichujio, nikapima kwa naitrojeni kama kuna uvujaji, nikavuta kwa pampu ya kweli zaidi ya saa nzima mpaka kipimo cha mikroni, kile kinachoonyesha hewa iliyobaki ndani, kikakaa chini ya 500, nikafunga vali nikasubiri nione kama kinapanda. Hakikupanda. Nikajaza kwa mizani, si kwa kubahatisha. Friza lile hadi leo linafanya kazi.

Hayo yote kwako ni utaratibu wa kila siku, pengine unafokewa usipoyafanya. Hapa ndiyo bidhaa yako: kazi ya baridi isiyorudiwa.

Kuna mambo mawili ambayo mikono yako italazimika kujifunza upya, nayo hayasemwi na mtu yeyote kwa anayerudi.

La kwanza ni mwinuko. Dammam iko usawa wa bahari, geji zako zimezoea hewa nzito. Arusha hewa ni nyepesi, presha yake ni kama psi 12.4 badala ya 14.7. Kwa hiyo geji ile ile, kwa baridi ile ile, inasoma tofauti. Chukua gesi ya R134a ikichemka kwa nyuzi 10 chini ya sifuri: Dammam geji itaonyesha kama psi 14, Arusha itaonyesha karibu 17. Fundi anayejaza kwa kukariri namba za huko atalipunja friji la huku gesi, na hatajua kwa nini halifiki baridi. Tena ukivuta hewa, sindano hapa haitafika inchi 30 hata pampu iwe mpya, itaishia kwenye 25 hivi. Nimeona kijana aliyetoka Ghuba akirudisha dukani pampu nzima kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nasema njoo na kipimo cha mikroni na mizani, hivyo havidanganywi na mlima. Kondensa, zile koili zinazotoa joto nje, nazo zinapata hewa nyepesi, feni inasukuma hewa isiyobeba joto kama ulivyozoea, kwa hiyo kondensa chafu hapa inaumiza mapema zaidi.

La pili ni umeme. Saudia wanatumia hezi 60, sisi 50. Ukiona pampu au kompresa nzuri ya bei chee huko, geuza usome bamba lake. Ikiwa imeandikwa `60Hz` peke yake, iache. Ukiiunganisha hapa itazunguka pole kwa moja ya sita, itavuta umeme kupita kiasi, itachemka, na siku si nyingi itanuka. Tafuta `50/60Hz`. Hii ndiyo sababu pia sikushauri uje na kontena la majokofu yaliyotumika kutoka huko, ingawa najua kila mtu atakuomba ulete moja. Gari la huko vilevile achana nalo, usukani uko upande usiofaa kwa barabara zetu.

Umeme wetu una tabia nyingine: unakatika na kurudi ghafla. Kompresa iliyokatikiwa ina presha kubwa upande mmoja, ikirudishiwa umeme kabla presha hazijasawazika inashindwa kuanza, nyaya zake zinaungua. Kompresa nyingi ninazobadilisha hapa mjini zimekufa hivyo. Kile kifaa ambacho dukani wanakiita friji gadi, chenye kusubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuruhusu umeme, kiwe kitu cha kwanza unachofunga kwa kila mteja. Ni kifaa cha bei ndogo na ndicho kitakachokujengea jina.

Sasa biashara yenyewe. Usifungue karakana ya kusubiri friji bovu liletwe mlangoni. Mafundi wa namna hiyo wanagombana bei, na mteja anakukumbuka siku ya msiba tu. Wewe uza sevisi ya mwezi kwa mwezi, kwa maandishi. Unakwenda kwa mwenye bucha, unamwambia: kila mwezi nitasafisha kondensa, nitapima amperi za kompresa, nitaangalia mpira wa mlango, nitaandika joto la ndani kwenye kadi iliyobandikwa ubavuni. Likiharibika nakuja ndani ya saa chache, kazi ya mikono haina malipo mengine, vipuri unalipa mwenyewe. Ile kadi usiidharau. Amperi zikipanda mwezi hadi mwezi unajua kompresa inaelekea kufa wiki kadhaa kabla haijafa, unamwonya mteja ajipange. Mteja aliyewahi kuonywa hivyo mara moja habanduki.

Tupige hesabu ya mfano. Hizi ni namba za kupangia, bei utazirekebisha ukishaongea na watu. Chumba cha karakana upande wa Unga Limited 200,000 kwa mwezi, msaidizi 300,000, mafuta ya pikipiki 150,000, simu na vidogo vidogo 50,000. Hiyo ni 700,000. Nyumbani weka 900,000. Kwa hiyo mwezi unahitaji milioni 1 na laki 6 kabla hujacheka. Ukiwa na wateja wadogo 12 wanaolipa 40,000 kila mmoja unapata 480,000. Hoteli tatu zenye chumba cha baridi, kila moja 250,000, ni 750,000. Jumla 1,230,000. Pengo la 370,000 unalijaza na matengenezo ya kawaida na kufunga vifaa vipya. Inawezekana kabisa, lakini wateja 15 hawapatikani mwezi wa kwanza. Mimi ningepanga kana kwamba watachukua miezi minane kutimia, na nisingeanza bila fedha ya kula ya miezi hiyo.

Miezi minane mara milioni 1.6 ni milioni 12.8. Hiyo itenge kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwenye akaunti ambayo haina kadi mfukoni mwako. Vifaa weka milioni 5, pikipiki na kisanduku chake milioni 3, gesi na vipuri vya kuanzia milioni 4, karatasi na mambo ya ofisi milioni 1. Umetumia milioni 25.8. Inabaki milioni 12.2 na hiyo usiiguse mwaka wa kwanza. Iweke Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS au sehemu kama hiyo unayoweza kutoa ndani ya siku chache. Mwaka wa pili ukiwa umeshajua mji, ndipo uulize kama inafaa kujenga chumba chako cha baridi cha kukodisha kwa wauza mboga, au kununua gari dogo.

Fedha ya kula naisisitiza kwa sababu ya loji na hoteli. Zinalipa, lakini hazilipi leo. Siku 30 ni mwenye haraka. Mwaka wangu wa tatu loji moja ilikaa na ankara yangu miezi mitano, nikawa nakopa vipuri dukani huku kwenye karatasi naonekana tajiri. Tangu hapo kipuri chochote kinachozidi laki mbili mteja analipia kabla sijakifunga, awe nani. Jua pia kampuni ikikulipa huduma itakata kodi ya zuio asilimia 5. Hujadhulumiwa, ila dai cheti cha makato, kwa sababu TRA watakihesabu kwenye kodi yako ya mwaka. Bila cheti umelipa mara mbili.

Karatasi si ngumu kama zamani. Jina la biashara unasajili BRELA mtandaoni, TIN unapata TRA bila malipo, leseni ya biashara iko halmashauri ya jiji. Hoteli haitakupa mkataba bila hivyo na risiti ya EFD. Ongeza cheti cha VETA: wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi akiwa kazini na kurasimisha ujuzi wake, hurudi darasani miaka miwili. Na ukianza kufunga vyumba vya baridi, waya wa umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Shirikiana naye mapema, atakuletea kazi nawe utampelekea.

Nirudi Dammam sasa, maana hapo ndipo unataka kutupa pesa bila kujua. Sheria ya kazi ya Saudia inampa mfanyakazi wa kampuni kiinua mgongo cha nusu mshahara kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na mshahara mzima kwa kila mwaka unaofuata. Ukifikisha miaka 9 Februari, kwa mshahara wa 3,000, ni riyali 7,500 za miaka mitano ya mwanzo na 12,000 za miaka minne, jumla 19,500. Ila anayeacha kazi mwenyewe akiwa kati ya miaka 5 na 10 anapewa theluthi mbili tu. Ukiandika barua ya kuacha Desemba utaondoka na kama 12,700. Tofauti ni karibu riyali 6,800. Kwa riyali moja kuwa shilingi 650, ni zaidi ya milioni 4, yaani pikipiki yako na chenji. Mkataba ukiisha wenyewe Februari, unastahili yote. Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha. Soma kifungu cha taarifa kwenye mkataba wako, toa taarifa kwa maandishi, kwa wakati, kwamba hutaurefusha. Kama posho fulani zinalipwa kila mwezi bila kubadilika, uliza zimeingizwa kwenye hesabu. Na usitie saini karatasi ya kwamba umelipwa haki zako zote kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti, hata kama viza ya kutoka imeshagongwa na rafiki zako wako uwanja wa ndege.

Krismasi ya safari hii ikupite. Najua ni neno gumu kwa mtu wa kwetu, Desemba barabara ya Moshi inajaa hadi inalia, na wewe umekosa ngapi tayari. Lakini mtu anayerudi kutoka Arabuni Desemba anarudi na mbuzi wa kila shangazi na michango ya harusi tano, na Januari anahesabu kilichobaki. Kuna na sababu ya kazi. Wageni wa hifadhini wanapungua Aprili na Mei wakati wa masika, kambi nyingi zinafunga, na huo ndio muda ambao friza zinafunguliwa, zinasafishwa na kubadilishwa vipuri kabla ya msimu wa Juni. Ukifika mwisho wa Februari una wiki za kujitambulisha, Machi unaandika mikataba, Aprili unafanya kazi. Ukifika Desemba unakuta kila meneja ana wageni hadi chooni, hana muda na wewe.

Kuhusu Noah ya shemeji nitasema machache. Si biashara mbaya kwa anayeilala na kuamka nayo. Kwako itakuwa gari linaloendeshwa na mtu mwingine, hesabu inayoletwa na mtu mwingine, na gereji inayochaguliwa na mtu mwingine. Akikasirika mwambie nimesema mimi.

Kabla hujafunga mizigo, omba kampuni barua ya uzoefu yenye mhuri ikitaja aina za mitambo uliyoishughulikia, vyumba vya baridi vitajwe kwa jina. Nunua huko geji za dijitali, kipimo cha mikroni, kigunduzi cha uvujaji, mizani ya gesi na kipimo cha amperi, uvitumie kazini, utunze risiti. Kitu kilichotumika na kitu kilicho kwenye boksi lake havitazamwi sawa forodhani. Mitungi ya gesi usijaribu kuipandisha ndege. Gesi utanunua hapa, na usiweke akiba kubwa ya R22, inaondolewa sokoni duniani chini ya Itifaki ya Montreal na mitambo mipya haiitumii. Friji mpya za nyumbani nyingi zina R600a, ambayo inawaka moto, kwa hiyo usichomelee bomba lenye gesi hiyo ndani kama ulivyozoea kufanya haraka haraka.

Na kama mkeo yuko Sakina, mpe kazi kuanzia wiki hii. Aandike kwenye daftari kila bucha, duka la maziwa, baa na duka la dawa kuanzia Sakina mpaka Kilombero, wana majokofu mangapi na lipi limezimwa kwa ubovu. Mwambie aulize swali moja tu: mara ya mwisho liliharibika lini na mlipoteza nini. Daftari hilo likifika majina 60, nitumie picha zake, nikuonyeshe wa kuanza nao.